Kwaheri Isiyomfikia Anayeagwa

Liko swali ambalo siku hizi limeingia katika maisha yetu ya kazi bila kubisha hodi. Mwenzetu akiondoka ghafla, nasi tukamwandikia maneno ya kwaheri katika kundi la simu ambalo yeye mwenyewe hayumo tena, je, tumeagana naye?

Wengi wetu tungejibu haraka kwamba ndiyo, maana maneno tumeyasema, tena kwa moyo. Lakini tukilitazama jambo hili kwa utulivu tutaona kwamba kwaheri ni kama barua: ina mtu inayemwendea. Barua nzuri iliyobaki mezani kwa mwandishi haijawa salamu bado. Katika makala hii tunataka kutafakari pamoja deni tulilo nalo kwa mtu aliyeondoka kabla hatujamshika mkono, na jinsi ya kulilipa.

Tuchukue mfano. Ni shule ya bweni yenye wafanyakazi thelathini na wanne, na wote wamo katika kundi moja la WhatsApp. Matroni wa shule amekaa hapo miaka tisa, na walimu wadogo kwa wakubwa humwita Mama. Siku ya Ijumaa, mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, anaitwa ofisini na kuambiwa kwamba mkataba wake hautaendelea. Walimu wakati huo wako kwenye kikao cha kusahihisha mitihani. Saa kumi na nusu gari la shule linampeleka stendi na mabegi yake mawili. Saa kumi na moja na dakika kumi msimamizi wa kundi, yule tunayemwita admini, anamtoa kwenye kundi kama alivyoelekezwa. Dakika sita baadaye anaweka tangazo fupi kwamba kuanzia leo Mama Matroni hatunaye tena.

Hapo ndipo ujumbe unapoanza kumiminika. Mwalimu mmoja aliye safarini anasoma neno lile “hatunaye tena” na kuweka picha ya mshumaa, kwa maana katika Kiswahili chetu mtu ambaye hatunaye tena ni marehemu. Anaelezwa, anafuta mshumaa, anaandika upya. Wengine wanaandika: Nenda salama mama yetu. Mungu akutangulie. Hatutausahau uji wako wa usiku wa mitihani. Hadi saa tatu usiku zimefika jumbe ishirini na saba, na picha ndogo za mikono ya maombi hazihesabiki. Kisha mtu anauliza zamu ya kesho ni ya nani, na mazungumzo yanaendelea kama kawaida.

Sasa tutazame upande wa pili, kwenye kiti cha basi. Mtu akitolewa katika kundi la namna hii, simu yake hubaki na mazungumzo ya zamani, ila hakuna neno lolote linaloandikwa baada ya hapo linalomfikia. Akifungua kundi anaambiwa kwamba hawezi kutuma ujumbe kwa sababu yeye si mshiriki tena. Kwa hiyo neno la mwisho la wenzake analoliona Mama huyu ni lile la asubuhi, mtu akiuliza ufunguo wa stoo uko kwa nani. Jumbe zote ishirini na saba ziliandikwa kwa nafsi ya pili: nenda, akutangulie, uji wako. Tulisema “wewe” kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kusikia. Naye, katika ukimya ule, alikuwa na haki ya kudhani kwamba miaka tisa imekwisha bila mtu hata mmoja kusema neno.

Hatusemi kwamba walioandika walikuwa wanafiki. Mtu akiondolewa ghafla katikati ya watu, waliobaki huumia, na maumivu hutafuta mdomo. Kuandika pamoja kunatuliza, nako kunatukumbusha kwamba sote tumempoteza mtu yuleyule. Hilo ni jema, lakini tuliite kwa jina lake: ni maombolezo ya waliobaki, wakifarijiana wao kwa wao. Shida inaanza pale tunapoyahesabu maombolezo hayo kuwa ndiyo kwaheri, tukaweka simu chini tukiwa na amani ya mtu aliyemaliza wajibu wake.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Tunalo neno kuaga na tunalo neno kuagana. Kuaga anaweza mmoja: msafiri huaga, na wenyeji humwaga. Kuagana ni kwa wawili, kila mmoja akitoa na kupokea. Tena kuagana kuna maana mbili ambazo wazee hawakuzitenganisha: kupeana kwaheri, na kupatana au kuwekeana ahadi. Kutoka humo tumepata neno agano, lile tunalolitumia kwa ahadi ya Mungu na watu wake. Watu wanaoagana vizuri wanawekana sawa: tulichodaiana, tunachoachiana, na jinsi tutakavyokuwa kati yetu baada ya leo. Kule pwani wana neno buriani, ambalo si salamu tupu. Ndani yake mna kuombana radhi, kila mmoja akimwachilia mwenzake yaliyopita ili njia iwe nyeupe.

Maandiko yanatuonyesha kuagana kwa namna mbili, na zote mbili zinamhusu mtume Paulo. Ya kwanza ni ile ya Mileto, katika Matendo ya Mitume sura ya 20. Paulo anawaita wazee wa Efeso, watu aliokaa nao miaka mitatu. Anawaambia waziwazi kwamba hawatauona uso wake tena. Anafunga hesabu zake mbele yao, akisema kwamba hakutamani fedha wala mavazi ya mtu na kwamba mikono yake mwenyewe ilimlisha. Anawakabidhi kazi na kuwaonya juu ya hatari iliyo mbele. Wanapiga magoti, wanaomba, wanalia, wanamkumbatia, wanamsindikiza hadi merikebuni. Hakuna kilichobaki bila kusemwa. Hivyo ndivyo kila mmoja wetu angependa kuondoka mahali pa kazi.

Lakini Paulo hakupata Mileto kila mahali. Thesalonike aliondoka usiku. Ghasia zilizuka, watu wakaivamia nyumba ya Yasoni, na Yasoni akatozwa dhamana mbele ya wakubwa wa mji. Ndugu wakawatoa Paulo na Sila gizani na kuwapeleka Beroya. Hakukuwa na nafasi ya magoti wala kumbatio. Waumini wengi wachanga waliamka asubuhi wakasikia kwamba mwalimu wao hayupo. Pengo kama hilo halikai wazi kwa muda mrefu, maneno huingia. Katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 2, Paulo anaeleza kwa kirefu kwamba hakuja kwao kwa hila wala kwa tamaa ya mali, na kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba anajibu minong’ono iliyozuka nyuma yake: huyu alikuja, akachukua chake, akatoroka.

Tuangalie Paulo anafanya nini na kwaheri iliyokatika. Katika mstari wa 17 wa sura hiyo anatumia neno la Kigiriki lenye mzizi uleule wa neno yatima. Anasema kwamba kutengana kule kulimfanya yatima. Sisi tungetarajia yatima wawe wale walioachwa mjini, lakini Paulo anajitaja yeye aliyeondoka. Hapo ana ukweli ambao kundi la simu hulisahau. Tuliobaki tunao wenzetu, tunalia pamoja na kuwekeana picha za mikono ya maombi. Aliyeondoka amepoteza watu wote kwa siku moja, na yuko peke yake. Ndiyo maana kwaheri inapaswa kusafiri kumwendea yeye kuliko inavyopaswa kuzunguka kati yetu.

Kisha anachukua hatua ya pili. Anakubali kubaki Athene peke yake ili Timotheo aende Thesalonike. Timotheo anakwenda, anawaona, anarudi na habari kwamba imani yao iko hai na kwamba wanamkumbuka kwa wema, wakitamani kumwona kama yeye anavyotamani kuwaona. Ndipo Paulo anaandika. Mtu alitumwa, habari zikarudi, na barua ikafuata. Hawakupata kuagana stendi, ila waliagana baadaye, kwa njia ndefu zaidi na kwa gharama zaidi.

Turudi basi kwa Mama Matroni. Tuseme siku ya Jumamosi asubuhi mwalimu mmoja mwanamke, aliyemzoea, anapiga simu. Haandiki, anapiga. Hamwulizi kwa nini mkataba umekatika, kwa sababu swali hilo linamlazimisha aliyeumia ajitetee. Anamwuliza kama amefika salama, anamwambia kwamba watu wameshtuka, na kumsomea maneno matatu au manne kati ya yale ishirini na saba, akitaja nani kasema nini. Anamweleza pia kwamba walimwandikia baada ya jina lake kutolewa, asije akafikiri wamenyamaza. Halafu anauliza jambo moja: ungependa wenzako wakupigie, au wasubiri kidogo?

Mama anakaa kimya, kisha neno lake la kwanza halihusu mkataba. Anasema katika droo ya chini ya meza yake mna dawa ya kuvuta ya mtoto wa kidato cha pili mwenye pumu. Mtoto ana moja mkononi, lakini ile ya akiba iko pale, na ufunguo wa droo ameuacha kwa mlinzi. Anaomba mtu aende sasa hivi.

Hapa tunaona kwamba kuagana kuna uzito kuliko adabu tu. Mtu wa miaka tisa ana mambo kichwani ambayo hayako kwenye daftari lolote la makabidhiano: mtoto yupi hulia usiku, mzazi yupi hapokei simu, dawa iko wapi. Anapoondolewa kwa saa moja na nusu, mambo hayo huondoka naye. Jumbe ishirini na saba hazikuyaleta, kwa kuwa zilikuwa zinasema tu na hazikuwa na mtu wa kujibu. Simu moja imeyaleta, kwa sababu ilimpa nafasi ya kusema. Kama wale wazee wa Efeso walivyopokea onyo na kazi mikononi mwao, waliobaki nao wana jambo la kupokea kutoka kwa anayeondoka.

Linafuata deni la vitu na fedha, ambalo mara nyingi tunaona aibu kulitaja. Wafanyakazi wa shule hii wana mfuko wa faraja. Kila mmoja anachanga shilingi 3,000 kwa mwezi, na Mama amechanga miezi arobaini na minane bila kukosa, jumla shilingi 144,000. Kanuni ya mfuko inasema anayeondoka atapewa mkono wa kwaheri wa shilingi 100,000 siku ya kikao cha kumwaga. Lakini kikao hakikuwapo, hivyo hakuna aliyeidhinisha, na fedha zinakaa tu. Hakuna mwizi hapa. Kuna utaratibu uliotegemea kwamba kila mtu ataondoka polepole. Basi mweka hazina aitishe kikao cha dakika kumi, wanachama waidhinishe, na mkono ule umfikie kwa njia ya simu pamoja na majina ya walioutoa. Mpishi anayedaiwa naye shilingi 20,000 azirudishe bila kungoja kukumbushwa. Naye Mama, akiwa na deni la shilingi 8,000 kwa karani, apewe nafasi ya kulisema, maana hata anayeondoka anataka kuondoka akiwa safi. Kikombe chake, mwavuli wake na Biblia yake iliyobaki bwenini vifungwe vizuri, vipelekwe na mtu, si kutupwa kwenye gari la mizigo. Hiyo ndiyo buriani kwa matendo.

Deni la tatu ni la jina lake. Jumatatu asubuhi kundi litakuwa na maswali, na pasipo majibu watu hutunga. Ataanza mmoja kwa kusema hakuna moshi bila moto. Mwingine atakumbuka magunia ya mchele yaliyopungua mwaka juzi. Hakuna atakayesema kwamba Mama aliiba, ila ikifika jioni itakuwa imeeleweka hivyo, na yeye hayumo ndani ya kundi kujitetea. Amri ya nane, kama tunavyoihesabu sisi Walutheri, inakataza kumshuhudia jirani uongo. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hakuishia kwenye kukataza. Alifundisha pia kwamba yatupasa kumtetea jirani, kumnena vema, na kuyapa mambo yake tafsiri iliyo njema. Fundisho hilo lina kazi maalumu kwa mtu aliyeondoka ghafla, kwa sababu mlango umefungwa nyuma yake na sauti yake haisikiki ndani. Kumtetea hakuhitaji hotuba. Inatosha mmoja aandike: Sababu hatuzijui, na Mama hayupo hapa kujieleza, tuliache hapo. Mara nyingi sentensi moja kama hiyo, ikija mapema, huzima kilichokuwa kinaanza kuwaka.

Mtu anaweza kuuliza: na kama kweli ana kosa? Kama uchunguzi unaendelea, je, kumwaga si kumtakasa mbele ya watu? Tunajibu kwamba kwaheri si hukumu, wala si msamaha wa hesabu. Mkaguzi aendelee na vitabu vyake, na wanaohusika na shauri wasilijadili naye. Lakini kumwuliza mtu kama amefika salama hakuharibu ukaguzi wowote, na kumrudishia mwavuli wake hakupotoshi ushahidi. Mtu anaweza kudaiwa na bado akastahili kuagwa.

Pia kuna mwenzetu anayeondoka kimya kwa hiari yake. Tangu mwaka 2022 mtu anaweza kutoka katika kundi la WhatsApp bila watu wote kutangaziwa. Wasimamizi pekee hupata taarifa, ingawa anayetaka kujua anaweza kuona orodha ya waliotoka katika siku sitini zilizopita. Huyo tusimfukuzie kwa simu kumi. Pengine hakuwa na nguvu ya kusimama mbele ya watu na kueleza. Kwake inafaa apelekewe ujumbe mmoja mfupi, kwa namba yake mwenyewe, usiodai jibu: Tumeona umetoka. Tunakushukuru kwa siku zote tulizokuwa pamoja. Ukitaka kuzungumza, nipo. Akinyamaza, tuuheshimu ukimya wake. Tutakuwa tumemfikia, na kujibu ni hiari yake.

Na wasimamizi wa makundi wana sehemu yao, ambayo ni ndogo lakini ina uzito. Yote yaliyotokea katika mfano wetu yalitokana na mpangilio wa mambo mawili: alitolewa kwanza, tangazo likaja baadaye. Kama tangazo lingetangulia na jina lake likaachwa hadi asubuhi, jumbe zote zingemfikia na yeye angejibu kwa mkono wake. Kama uongozi umeagiza atolewe mara moja, kwa kuwa kundi lina mambo ya ndani ya ofisi, basi tangazo liseme wazi kwamba Mama hayumo tena humu, na anayetaka kumwaga amwandikie mwenyewe. Lisitumie maneno ya msiba kwa mtu aliye hai.

Tuseme sasa kwamba Jumapili jioni Mama anajibu kwa yule mwalimu aliyempigia. Anashukuru kwa dawa kupatikana. Anasema mkono wa kwaheri ameupokea, na zile 8,000 za karani amezituma. Anaomba radhi kwa yeyote aliyemkwaza katika miaka tisa, naye anasema hana neno na mtu. Anaomba wasichana wa bweni waambiwe kwamba hakuwakimbia. Ujumbe huo usibaki katika simu ya mtu mmoja. Paulo alipomaliza waraka wake kwa Wathesalonike aliagiza kwa mkazo usomwe mbele ya ndugu wote, kwa kuwa usiku ule aliondolewa kwao wote. Basi Jumatatu, katika ibada ya asubuhi ya wafanyakazi, mwalimu asimame ausome, halafu auweke kwenye kundi, na matroni wa zamu awaambie wasichana yale waliyoachiwa. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa kundi litakuwa na neno kutoka kwake, na hapo ndipo tutakapoweza kusema kwamba tumeagana.